Fika, taja, tenda: skripti ya somo la Ekseli kwa anayeanza

*"Shikamoo mwalimu. Ninarekodi skrini ya kompyuta kuwafundisha Ekseli akina mama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Hawajawahi kuigusa, na wote wanatazama kwa simu. Wananiambia 'unaenda mbio, hatuoni ulipobofya', lakini nikijisikiliza naona nimeongea polepole tu. Nimejaribu kukuza picha, ndiyo kwanza wanapotea. Skripti niiandikeje ili sauti, kishale na kukuza viende pamoja?"*

Marahaba. Akina mama wanasema kweli, na wewe unasema kweli. Sauti yako ni ya polepole. Kinachokwenda mbio ni kishale. Ukisema "bofya seli D2", mkono wako ulishajua unakokwenda kabla hujafungua mdomo. Neno "bofya" likitoka, umeshabofya. Mtazamaji ndiyo kwanza anatafuta kishale kiko wapi, kisha aitafute herufi D, kisha ashuke hadi mstari wa 2. Akifika, seli imeshabadilika na wewe uko sentensi nyingine.

Kwa hiyo usiandike skripti ya maneno ukategemea mkono utafuata wenyewe. Kila tendo liandike kwa zamu tatu: kishale kinafika mahali na kutulia, unapataja mahali hapo, ndipo unatenda. Mimi huiita fika, taja, tenda. Kati ya kutaja na kutenda acha kimya cha sekunde moja nzima. Wewe unayejua utaiona sekunde hiyo ndefu kama foleni ya benki, na mara ya kwanza utataka kuikata. Usiikate. Hiyo ndiyo sekunde ambayo jicho la mwanafunzi linaifikia D2.

Ipo shida nyingine inayotokana na jinsi tunavyoongea. Amri zetu huanza na kitenzi: bofya D2, buruta hadi D6. Anayefuatisha huku ameshika kipanya akisikia "bofya" anabofya, popote alipo. Katika skripti geuza: taja mahali kwanza, kitendo kije mwisho. "Safu ya D, mstari wa pili, tunabofya mara moja." Inasikika kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumba, na ndivyo inavyotakiwa.

Halafu pitia skripti yako na ufute kila "hapa", "pale", "hii" na "hivi" isiyo na jina nyuma yake. "Unakuja hapa, unafanya hivi" haina maana kwa mtu aliyeinua macho kumwangalia mtoto jikoni. Herufi nazo ni mtego: tunazisoma bii, sii, dii, ii, na kwenye spika ndogo ya simu zote zinakuwa kitu kimoja. Ndiyo maana huwa sisemi "D2" peke yake mara ya kwanza. Nasema "D2, jumla ya sukari". Jina la bidhaa haliwezi kusikika vibaya.

Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, tengeneza karatasi yenyewe, maana nusu ya tatizo lako la kukuza linaishia hapo. Ekseli ikiwa asilimia 100, mstari mmoja una kimo cha pikseli 20. Chukua skrini ya pikseli 1080 kwenda chini, iweke kwenye simu iliyolazwa yenye kioo cha sentimita 7 kwa kimo: mstari huo unabaki milimita 1.3. Na wengi hawalazi simu. Wakiishika wima, video inakuwa na kimo cha sentimita 4 hivi, na mstari unashuka chini ya milimita moja. Herufi iliyo ndani yake ni ndogo zaidi ya hapo. Unawaomba wasome kitu wasichoweza kukiona, halafu unajilaumu kwamba unaongea haraka.

Sukuma kitelezi cha kukuza kilicho chini kulia mwa dirisha la Ekseli hadi asilimia 200, kabla hujarekodi. Ukikuza ndani ya Ekseli yenyewe, herufi zinachorwa upya, zinabaki kali. Ukikuza baadaye kwenye programu ya kuhariri unavuta pikseli zilezile, na zikivutwa sana zinakuwa ukungu. Kukuza kwa kuhariri kuweke akiba kwa kitu kimoja au viwili vidogo ambavyo hata kwa asilimia 200 havionekani.

Jedwali lianzie A1, wala usiliache katikati ya karatasi kwa ajili ya urembo. Lililo kwenye kona ya juu kushoto linakaa karibu na herufi za safu, namba za mistari na upau wa fomula, na ukikuza kona hiyo vyote vinaingia kwenye picha moja. Huenda hiyo ndiyo sababu wanapotea unapokuza: wanaona seli kubwa, nzuri, lakini hawaoni tena kama ni ya safu gani. Panua safu vya kutosha pia, usije ukapata ##### katikati ya somo na kulazimika kueleza jambo ambalo halikuwemo.

Tuchukue somo moja, lile linalowashinda wengi: kunakili fomula kwenda chini. Safu ya A ni Bidhaa, B ni Idadi, C ni Bei, D ni Jumla. Mistari ni mitano: sukari 12 kwa 3,000, unga 8 kwa 2,500, mchele 15 kwa 2,800, mafuta 6 kwa 6,500, sabuni 20 kwa 1,500. Bei ziandike namba tupu. Dukani kwetu mkono umezoea kuandika 3,000/=, na ukiiandika hivyo ndani ya seli, Ekseli inaichukua kama maneno, na fomula inajibu `#VALUE!`. Itaje hatari hiyo kwa sentensi moja mwanzoni mwa somo, kwa sababu akina mama wataiandika tu.

Fomula ya kwanza ni hii:

```
=B2*C2
```

Wakati wa kuandika fomula, sheria ya fika, taja, tenda inabadilika kidogo, kwa kuwa kishale hakiendi popote. Hapo sauti itangulie na kidole kifuate mara moja: "sawa na", unabonyeza, "B2, idadi ya sukari", unaibofya, "kinyota, yaani mara", unabonyeza, "C2, bei ya sukari", unaibofya, "Enter". Mimi hupendelea kuibofya seli badala ya kuandika B2 kwa herufi, kwa sababu Ekseli inaizungushia rangi na mtazamaji anaona namba ilikotoka.

Sasa angalia kinachotokea ukibonyeza Enter. Jibu linatokea D2, na mstari wa kijani unaoizunguka seli unashuka D3. Mwalimu haoni tena jambo hilo, ameshalizoea. Mwanafunzi haoni pia, anaangalia 36,000 yake. Sentensi inayofuata mwalimu anasema "shika kona ya seli", mwanafunzi anashika kona ya D3, tupu, anaburuta, na hapati kitu. Somo linafia hapo, na sababu ni mstari mmoja uliokosekana kwenye skripti. Hivi ndivyo ninavyoandika kipande hicho. Ya kwenye mabano ni ya mkono na picha, yaliyobaki ni ya mdomo.

[Picha nzima. Kishale kimetulia F4, seli tupu.]

Jumla ya sukari tumeipata: elfu thelathini na sita. Lakini tulipobonyeza Enter, mstari wa kijani ulishuka. Sasa uko mstari wa tatu, kwenye unga.

[Kishale kinatoka F4 hadi D2 kwa sekunde mbili. Kinatulia.]

Tunarudi safu ya D, mstari wa pili, jumla ya sukari. Tunabofya mara moja.

[Sekunde moja. Bofya. Sekunde moja.]

Mstari wa kijani umerudi kwenye sukari.

[Picha inakua mara moja na nusu, kwa sekunde moja na nusu, kuelekea kona ya juu kushoto. Kishale hakisogei. Mdomo umefungwa.]

Kwenye kona ya chini, upande wa kulia wa seli hiyo, kuna kimraba kidogo cha kijani.

[Kishale kinasogea taratibu hadi kwenye kimraba. Kinatulia sekunde mbili.]

Kishale kilikuwa msalaba mnene, mweupe. Sasa kimekuwa msalaba mwembamba, mweusi.

[Kinarudi katikati ya D2.] Mnene. [Kinakwenda kwenye kimraba.] Mwembamba.

Ukiuona mwembamba, kitufe cha kushoto cha kipanya, bonyeza, usiachie.

[Bonyeza. Sekunde moja.]

Shuka nao hadi mstari wa sita, kwenye sabuni.

[Buruta kwa sekunde tatu. Kwenye D6 tulia, bado umeshikilia.]

Tumefika kwenye sabuni. Achia.

[Achia. Kimya sekunde mbili. Picha inarudi nzima. Kishale kinarudi F4.]

Unga, elfu ishirini. Mchele, elfu arobaini na mbili. Mafuta, elfu thelathini na tisa. Sabuni, elfu thelathini.

Kipande hicho kina maneno mia moja na kitu, na mimi nikifundisha husema maneno kama 100 kwa dakika. Lakini ukijumlisha kimya na mwendo wa kishale, video inakaribia dakika moja na nusu. Ndiyo maana kuhesabu maneno peke yake hakutoshi kukuambia somo litachukua muda gani. Andika na sekunde za mkono, ujumlishe.

Uliona kwamba nimekuza mara moja tu. Nimekuza kwa sababu umbo la kishale linabadilika, na badiliko hilo ni dogo mno kuonekana kwenye simu. Hiyo ndiyo kazi ya kukuza: kuonyesha kitu ambacho bila hivyo hakionekani. Kama kitu kinaonekana, acha picha ilivyo. Wapo wanaokuza kila wanapobofya, na video yao inamfanya mtazamaji ajione kama abiria wa daladala kwenye barabara ya matuta.

Na unapokuza, kishale kisimame. Picha ikisogea na kishale kikisogea kwa wakati mmoja, jicho halina kitu kilichotulia cha kushikilia, linakipoteza kishale. Sauti nayo inyamaze hadi picha itulie. Yeyote anayeangalia picha inayobadilika hasikii vizuri unachosema, kwa hiyo usimpe jina la kitu kipya katikati ya mwendo. Picha iliyokuzwa ibaki hivyo hadi tendo lote liishe. Mimi nilimaliza kuburuta, nikaachia, nikasubiri sekunde mbili, ndipo nikarudisha. Ningerudisha wakati naburuta, wote wangeniuliza tena nilishuka hadi wapi.

Kuhusu ukungu: ukirekodi kwa pikseli 1920 kwa 1080, kisha ukatoa video ya 1280 kwa 720, unaweza kukuza mara moja na nusu bila kupoteza ukali, kwa kuwa 1280 mara 1.5 ni 1920 kamili. Ukipita hapo herufi zinaanza kulainika. Kama kompyuta yako ni ya skrini ya 1366 kwa 768, karibu huna akiba hiyo, kwa hiyo tegemea zaidi asilimia 200 ya ndani ya Ekseli na ukuze kidogo sana.

Namna ya kurekodi. Najua wengi huongea na kubofya kwa wakati mmoja, na aliyezoea anaweza. Ila ukiwa bado unajifunza, ubongo wako unafanya kazi mbili na kishale kinatangulia kila mara. Rekodi sauti kwanza, peke yake, ukisoma skripti na kunyamaza kwenye mabano yote kwa sekunde ulizoandika. Kisha icheze sauti hiyo kwenye kompyuta, uvae earphone, na ufanye matendo ukiisikiliza kama mtu anayefuata maelekezo. Utashangaa: kwa mara ya kwanza utakuwa mahali pa mwanafunzi wako. Ukijikuta unakimbizana na sauti yako mwenyewe, kimya hakitoshi, ongeza.

Ukitumia OBS Studio, ambayo ni ya bure, hakikisha `Capture Cursor` ina alama ya tiki kwenye mipangilio ya kurekodi skrini, la sivyo utarekodi somo zima halina kishale. Na `Desktop Audio` ikiwa wazi, sauti unayoicheza inaingia kwenye rekodi ileile, iko sambamba na picha tangu mwanzo, hukutwi na kazi ya kuvipatanisha.

Utakosea tu, hakuna anayemaliza mara moja. Kinachofanya marekebisho yawe rahisi ni kuegesha kishale. Mimi hutumia F4, seli tupu kando ya jedwali. Kila kipande kinaanzia hapo na kinaishia hapo, kikiwa kimetulia. Ukikata kati ya vipande viwili, hakuna anayegundua. Ukikata kishale kikiwa njiani, kitaruka kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine kama panzi, na mtazamaji ataanza kukitafuta upya. Hifadhi pia faili kwa kila hatua: mauzo-1 kabla ya fomula, mauzo-2 baada ya fomula ya sukari, mauzo-3 baada ya kuburuta. Ukirudia kipande cha pili kesho, unafungua mauzo-2 na kila kitu kiko kilipokuwa.

Kwenye kuhariri, ukikuta sauti bado inaeleza na mkono umeshatenda, gandisha picha ya sekunde kabla ya tendo, uirefushe hadi neno liishe. Usiiharakishe sauti. Kurefusha picha iliyotulia hakuonekani kabisa, na hiyo ni faida nyingine ya kishale kilichoegeshwa.

Kuna jambo moja la kuongeza mwishoni mwa somo, na mimi nililijifunza kwa aibu. Niliwahi kurekodi kipande hiki cha kuburuta kwa ajili ya ofisi moja, nikaambiwa fomula yangu "haifanyi kazi". Nikauliza wanaona nini. Mmoja alisema safu ya D imekuwa ya kijivu lakini haina namba. Mwingine akasema namba yake imehama, ipo kwenye sabuni, na kwa sukari hamna kitu. Majibu hayo mawili yanatosha kujua kila mmoja alishika wapi. Wa kwanza aliburuta na msalaba mnene, kwa hiyo alichagua seli tu. Wa pili alishika ukingo wa seli, kishale kikawa na mishale minne, akaihamisha D2 nzima hadi D6. Skripti yangu ilikuwa imesema "shika kona", na kwenye video yangu isiyokuzwa, kona na ukingo vilikuwa kitu kimoja.

Kwa hiyo baada ya kusoma majumla, weka kipande kifupi: ukiona kijivu tupu, rudia na msalaba mwembamba, ukiona namba imehama, bonyeza `Ctrl+Z` na urudie. Vyote viwili vionyeshe ukivifanya kwa makusudi, vikiwa vimekuzwa. Na kwa wale wa tatu, waliosahau Enter na kubofya seli nyingine fomula ikiwa bado wazi: Ekseli inaiweka seli hiyo ndani ya fomula badala ya C2, na wakija kubonyeza Enter jibu linakuwa si sahihi. Waambie wabonyeze `Esc` kabla ya Enter, waanze fomula upya.

Kabla ya kuwatumia kikundi kizima, mpe mama mmoja simu yenye video na kompyuta yenye jedwali tupu. Kaa kando, usimsaidie, na uandike kila mahali anaporudisha nyuma. Akirudisha mahali palepale mara mbili, nenda kwenye skripti kipande hicho na uangalie jambo moja tu kwanza: je, kishale kilikuwa kimeshatulia neno lilipotamkwa? Mara nyingi utakuta bado kilikuwa njiani.